Wasifu wa mhandisi anayefundisha Jumamosi: nakala nne za mtu mmoja

Dada mmoja ninayefanya naye kazi aliombwa wasifu mara mbili katika wiki moja. Mkuu wa idara chuoni alitaka maneno yasiyozidi 100 ya kuweka kwenye orodha ya walimu. Meneja wa kampuni yetu naye alitaka aya moja ya kutanguliza kwenye sivii, ndani ya zabuni ya kusimamia ujenzi wa jengo la ghorofa. Akakaa nayo siku tatu, kisha akaja mezani kwangu, kwa sababu mimi ndiye ninayeandaa makabrasha ya zabuni hapa ofisini.

"Kaka, nikiandika ya chuo naonekana mtu wa kupita njia. Nikiandika ya ofisi naonekana nusu mtu," alisema. "Nikifuta moja, naonekana naficha."

Alikuwa amegusa jambo ambalo wengi wenye kazi mbili hulisikia bila kulitaja. Msomaji wa Kiswahili anapokutana na mtu wa aina hii, hukumu anayo tayari kabla hajamaliza mstari wa kwanza: mshika mbili moja humponyoka, au yule fisi aliyefika njia panda akataka kwenda kote kuwili. Wasifu wa mhadhiri mwenye ajira nyingine unasomwa na mtu ambaye methali hizo zimeshamkaa kichwani. Ukimjibu kwa kujitetea, unamthibitishia. Sisi tulitafuta namna ya kupanga maelezo ili methali isipate pa kushika, na katika kutafuta tukapata nakala nne. Naziweka hapa zote, maana kila moja ina mahali inapofaa na mahali inapoharibu.

Kwanza mambo yenyewe, yasiyobadilika katika nakala yoyote. Ni mhandisi ujenzi, amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, katika daraja la mhandisi mtaalamu. Ana shahada ya uzamili ya uhandisi wa miundo. Yuko kwenye kampuni hii ya ushauri tangu 2012, na sehemu kubwa ya kazi yake ni ubora wa zege: kukagua nondo kabla ya kumwaga, kupima ulaini wa zege linapofika, kufuatilia majibu ya maabara. Tangu 2018 anafundisha teknolojia ya zege, mwaka wa pili, Jumamosi saa 3 hadi saa 6 mchana. Jumatano kuanzia saa 11 jioni hukaa idarani kuonana na wanafunzi.

Nakala ya kwanza: aliyoiandika mwenyewe

> Mhandisi Fulani ni mhandisi mwandamizi katika kampuni ya ushauri wa kihandisi jijini Dar es Salaam, ambako amefanya kazi kwa zaidi ya miaka kumi. Pia ni mhadhiri wa muda katika idara ya uhandisi ujenzi. Licha ya majukumu yake mengi ya kikazi, hutenga muda wake wa ziada kuwafundisha wanafunzi kutokana na mapenzi yake makubwa kwa taaluma. Ana shahada ya uzamili ya uhandisi wa miundo. Anaamini katika kuunganisha nadharia na vitendo.

Ukiisoma haraka haina kosa. Ni wasifu wa heshima, wa aina unayoikuta kila mahali. Lakini ujiweke kwenye nafasi ya mwanafunzi wa mwaka wa pili, au ya mkuu wa idara anayepanga ratiba.

"Pia" inatangaza kwamba kinachofuata ni nyongeza. Chuo kimekuwa kiraka kwenye maisha ya mtu wa kampuni, na huu ni wasifu unaosomwa chuoni! "Licha ya majukumu yake mengi" ni mbaya zaidi, kwa sababu inamwambia mwanafunzi kwamba mwalimu wake ana shughuli nyingi na darasa linapambana nazo. Halafu "muda wake wa ziada". Kinachobaki baada ya kazi ndicho tunachopewa, ndivyo anavyosikia msomaji. Dada yangu alidhani anaonyesha kujitoa, kumbe sentensi hiyo moja imetoa ushahidi wa mashtaka yote: kazi iko kule, huku ni makombo.

Na kuna neno "wa muda". Hili lilituchukua nusu saa nzima. Mhadhiri wa muda ndivyo tunavyosema sote, lakini Kiswahili kinatumia maneno hayo hayo kwa serikali ya muda na daraja la muda, yaani kitu kilichowekwa hapo hadi cha kweli kipatikane. Mtu aliyefundisha kila muhula tangu 2018 hasemwi vizuri na neno hilo. Mitaani wanasema "anapiga pati-taimu", ambayo angalau haina utata, ila huwezi kuiandika kwenye orodha ya walimu. Tulijaribu "mhadhiri asiye wa kudumu" na ikawa mbaya mara mbili, kwani sasa anatambulishwa kwa kile ambacho siye. Mwishowe tukaona dawa si kutafuta jina lingine bali kuliacha jina na kutumia kitenzi pamoja na tarehe: hufundisha kila muhula tangu 2018. Hakuna anayeweza kuusoma mstari huo akadhani ni mtu wa kushikilia nafasi.

Sentensi ya mwisho, ya kuunganisha nadharia na vitendo, ndiyo ilikuwa na hoja yote ndani yake, lakini imefungwa kama zawadi isiyofunguliwa. Mhadhiri gani atasema haamini hivyo?

Nakala ya pili: ya kujaza

Hii aliandikiwa na kijana wa ofisini kwa nia njema, akidhani tatizo ni uchache wa sifa.

> Mha. Fulani ni mhandisi mtaalamu aliyesajiliwa na ERB, mwenye shahada ya kwanza na ya uzamili, aliyeshiriki miradi zaidi ya 30 ya majengo, matangi ya maji, maghala na barabara. Amefundisha teknolojia ya zege, michoro ya kihandisi na usimamizi wa miradi. Amehudhuria mafunzo ya usalama kazini, uongozi, usimamizi wa mikataba na programu za kompyuta. Ni mjumbe wa kamati mbalimbali.

Sitaikawiza. Hofu ya kuonekana nusu mtu imezaa mtu na nusu, na msomaji hajui ashike lipi. Mradi wa 30 hauongezi kitu ambacho wa tatu haukuongeza. Isitoshe, orodha ndefu inayachanganya mambo ya chuo na ya ofisi bila kuonyesha yanavyohusiana, kwa hiyo wazo la mgawanyiko linarudi kwa mlango wa nyuma: huyu anafanya kila kitu, basi hakuna anachokikaza. Na "kamati mbalimbali" humfanya mtu mzima aanze kushuku.

Ina mahali pamoja tu inapofaa: fomu ambayo msomaji wake anahesabu alama kwa vigezo. Huko andika kila kitu.

Nakala ya tatu: ya mshono

Nilimwuliza swali ambalo nadhani kila mwenye kazi mbili angeulizwa kabla hajashika kalamu: kuna kitu gani darasani kwako ambacho kisingekuwepo kama usingekuwa saiti wiki hiyo?

Alianza kwa maneno ya jumla, uzoefu, mifano hai. Nikamkatisha. Kitu gani, nikauliza, kinachoshikika kwa mkono?

"Kyubu," akasema.

Kwa asiyezijua, kyubu ni vipande vya zege vyenye umbo la mchemraba, kila upande milimita 150, vinavyomwagwa kwenye kalibu za chuma kutoka kwenye zege lile lile linaloingia kwenye nguzo au sakafu. Vinatunzwa majini, kisha vinavunjwa kwa mashine maabara, kwa kawaida vingine vikiwa na siku 7 na vingine siku 28. Majibu ya siku 7 ni dalili; zege la saruji ya kawaida hapo huwa limefika takriban theluthi mbili ya nguvu zake za siku 28. Majibu ya siku 28 ndiyo yanayohesabika kwenye mkataba.

Akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulifikiria katika miaka yote ya kuchapa ripoti za maabara. Saba na ishirini na nane zote zinagawanyika kwa saba. Zege lililomwagwa Jumamosi linavunjwa Jumamosi, kisha tena Jumamosi ya nne. Kipindi chake cha Jumamosi, ambacho wenzake wanakiona ni cha mtu aliyekosa nafasi katikati ya wiki, kinawezesha darasa kumwaga zege wiki moja, kulivunja wiki inayofuata, na kulivunja tena wiki tatu baadaye, bila kuomba siku ya nyongeza. Kila kundi linatengeneza kyubu 6, tatu za siku 7 na tatu za siku 28. Na kundi moja, bila kuambiwa sababu, huagizwa kuongeza maji kidogo kwenye mchanganyiko, kama fundi anavyofanya saiti zege linapokuwa gumu kumwagika. Siku ya 28 wanaona wenyewe namba imeshuka.

Hilo la maji, alisema, alilitoa kwenye mabishano yake na mafundi. Fomu ya ripoti ambayo wanafunzi wanaijaza ameitengeneza kwa mfano wa ile anayoisaini kazini: tarehe ya kumwaga, sehemu ya jengo, ulaini wa zege, uzito wa kipande, mzigo uliokivunja. Na kuna mtego mmoja anaoupenda kuliko yote. Mchoro ukisema zege ni C25, mwanafunzi lazima aulize 25 ya nini. Kwa kanuni za zamani za Uingereza, BS 8110, hiyo ni nguvu ya kyubu, nyutoni 25 kwa milimita ya mraba. Kwa kanuni za Ulaya daraja huandikwa C25/30, ambapo 25 ni ya kipande cha mcheduara na 30 ni ya kyubu. Mkandarasi akivunja kyubu zikampa 27, kwa mchoro wa kwanza anapumua. Kwa wa pili ana maswali ya kujibu. Mtu anayefundisha kutoka kitabuni anaweza kulitaja hilo. Aliyeketi kwenye kikao ambacho pande mbili zilikuwa zikisoma herufi moja kwa maana mbili halitaji kwa haraka.

Hapo wasifu ulikuwa umeshajiandika.

> Mhandisi Fulani hukagua zege la majengo ya ghorofa Dar es Salaam, na zege hilo ndilo hulifundisha kwa wanafunzi wa mwaka wa pili. Ni mhandisi mtaalamu aliyesajiliwa na ERB, yuko katika kampuni ya ushauri tangu 2012, na hufundisha katika idara hii kila muhula tangu 2018. Wanafunzi wake humwaga zege Jumamosi, hulivunja baada ya siku 7 na 28, na huandika ripoti kwa mfano wa fomu anayoisaini saiti. Ana shahada ya uzamili ya uhandisi wa miundo. Hupatikana idarani Jumatano kuanzia saa 11 jioni.

Ukiiweka kando ya nakala ya kwanza, kazi ni zile zile mbili. Kilichobadilika ni kwamba zinakutana kwenye kitu kimoja, zege, na msomaji anaviona vidole vya mkono mmoja. Haitajwi popote kwamba hakuna mgongano. Hakuna "licha", hakuna "ingawa", hakuna "hata hivyo". Maneno hayo ya kupinga hayana kazi mahali ambapo hakuna kinachopingana, na ukiyaweka ndipo msomaji anaanza kutafuta ugomvi.

Angalia pia vitenzi. Hukagua, hufundisha, humwaga, hulivunja. Kiambishi hiki cha mazoea kinafanya kazi ambayo sifa kumi zisingeifanya: kinasema hili ni jambo la kila wiki, limezoeleka, halitegemei kama bosi ameruhusu leo. Tulipojaribu "anafanya kazi kampuni fulani huku akifundisha", neno "huku" likaifanya moja ya kazi kuwa kivuli cha nyingine. Na tarehe tumeziandika kama mwaka wa kuanza, si idadi ya miaka, maana orodha ya walimu inaweza kukaa miaka minne bila kuguswa, na "miaka sita ya uzoefu" ikawa uongo wa unyenyekevu.

Mstari wa Jumatano alitaka kuufuta, akiona ni mdogo mno kwa wasifu. Nilimkatalia. Mwanafunzi anayesikia kwamba mwalimu ana kazi nyingine, swali lake la kwanza si la uaminifu, ni la mlango: nitampata lini? Saa inayojulikana inalitatua kuliko aya nzima ya mapenzi kwa taaluma. Ila usiandike saa usizoweza kuzitunza. Mlango uliofungwa Jumatano mbili mfululizo utazungumza kuliko wasifu.

Kwa wanaopenda kuona sentensi uso kwa uso:

| Nakala ya kwanza | Nakala ya tatu | Msomaji anachosikia sasa |
|---|---|---|
| Pia ni mhadhiri wa muda | hufundisha katika idara hii kila muhula tangu 2018 | Yupo, na atakuwepo |
| hutenga muda wake wa ziada | Hupatikana idarani Jumatano kuanzia saa 11 jioni | Najua nitamkuta lini |
| Anaamini katika kuunganisha nadharia na vitendo | humwaga zege Jumamosi, hulivunja baada ya siku 7 na 28 | Nitafanya nini darasani kwake |

Nakala ya nne: ya zabuni

Nilidhani tungechukua nakala ya tatu, tukageuza sentensi, tukamaliza. Haikuwa hivyo, kwa sababu msomaji wa zabuni anaogopa kitu kingine. Mwanafunzi anaogopa kwamba mwalimu hatapatikana. Mteja analipia upatikanaji wenyewe. Katika zabuni za ushauri, muda wa kila mtaalamu huhesabiwa na kulipiwa, na sivii husainiwa kwa tamko kwamba mhusika atapatikana kwa kazi hiyo. Kuficha kipindi cha Jumamosi hapo ni hatari ya kisheria, mbali na kuwa aibu.

Na Jumamosi ina tatizo lake. Dar es Salaam zege humwagwa sana Jumamosi. Mteja mwenye uzoefu akisoma "hufundisha Jumamosi asubuhi" atauliza palepale: na sakafu yangu ikimwagwa siku hiyo?

> Mhandisi Fulani ni mhandisi mtaalamu aliyesajiliwa na ERB, na tangu 2012 amesimamia ubora wa zege katika miradi ya majengo ya kampuni hii. Kwa ridhaa ya maandishi ya kampuni, hufundisha teknolojia ya zege chuo kikuu tangu 2018, Jumamosi saa 3 hadi saa 6 mchana. Jumatano baada ya saa 11 jioni huonana na wanafunzi. Zege likimwagwa Jumamosi asubuhi, nafasi yake saiti hushikwa na mhandisi msaidizi aliyemo kwenye orodha hii ya wataalamu. Taratibu za sampuli na ripoti za kyubu atakazotumia kwenye mradi ndizo anazozifundisha na kuzisahihisha kila muhula.

Sentensi ya nne ndiyo inayobeba nakala hii. Meneja aliikataa mwanzoni, akisema tunamwonyesha mteja kidonda. Nilimjibu kwamba mteja atakiona tu, heri akione kimefungwa bandeji. Katika wasifu wa chuo sentensi hiyo ingekuwa kichekesho. Hapa ni nusu ya hoja.

Ile ya mwisho nayo ina nguvu ambayo kampuni hazioni mara kwa mara. Mtu anayesahihisha ripoti za makundi ya wanafunzi anajua kila njia ambayo ripoti ya kyubu inaweza kuwa na kasoro: tarehe isiyolingana na umri wa kipande, uzito usiowezekana, namba sita zinazofanana mno kuwa za kweli. Kwa mteja hiyo ni kinga. Ndiyo maana tuliandika "anazozifundisha na kuzisahihisha", si "anazozifundisha" peke yake.

Vyeo, mahali ambapo wengi huumia

Nakala ya kwanza ilikuwa na kosa lingine ambalo hatukuliona hadi siku ya pili. Ilisema "mhandisi mwandamizi" na mstari mmoja chini yake "mhadhiri". Katika mazungumzo, mhadhiri ni yeyote anayesimama mbele ya darasa la chuo kikuu. Kwenye orodha ya walimu, mhadhiri ni ngazi: kuna mkufunzi msaidizi, mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, kisha maprofesa. Mwenye shahada ya uzamili kwa kawaida huwekwa mhadhiri msaidizi. Akijiandika mhadhiri, mwenzake aliyehangaika miaka mitano na uzamivu ataliona neno hilo kabla ya kitu kingine chochote, na kuanzia hapo hasomi tena wasifu, anasoma wizi. Nimewahi kuona mtu ambaye "mwandamizi" wa ofisini kwake uliteleza hadi upande wa chuo, akawa mhadhiri mwandamizi kwa kosa la uchapaji. Alieleza kwa mwezi mzima.

Upande wa pili ni vivyo hivyo. Neno mhandisi nchini Tanzania linalindwa na sheria ya usajili, na mhandisi mhitimu si mhandisi mtaalamu. Andika daraja lako kama lilivyo kwenye cheti. Kila upande una walinzi wa vyeo vyake, na mtu wa kazi mbili hukaguliwa na walinzi wote wawili.

Ruhusa, na miradi isiyotajwa

Utaona hakuna jengo lililotajwa kwa jina katika nakala yoyote. Alitaka kutaja moja, ghorofa linalojulikana, na lingependeza. Lakini taarifa za mradi ni za mteja, na wasifu wa chuo unasomwa na watu wote, pamoja na mkandarasi ambaye kyubu zake zilikataliwa. "Majengo ya ghorofa Dar es Salaam" inatosha. Kwa zabuni, orodha ya miradi inakaa kwenye jedwali lake rasmi, ambako majina huwekwa kwa utaratibu unaojulikana.

Barua ya ridhaa ya mwajiri pia si mapambo. Mikataba mingi ya ajira inadai mfanyakazi aombe ruhusa kabla ya kushika kazi nyingine ya malipo, na wasifu uliotundikwa hadharani ni ushahidi dhidi ya asiyeomba. Dada alikuwa nayo, ya 2018, imekunjwa kwenye faili. Kama asingekuwa nayo, nisingemwandikia nakala yoyote kwanza.

Kuna sehemu moja ambapo mgongano ni wa kweli, na wasifu hauwezi kuutibu: wanafunzi wanapokwenda fildi. Mwanafunzi wake akipangiwa kampuni yetu, dada anakuwa msimamizi wake kazini na msahihishaji wake darasani. Walikubaliana na idara kwamba ripoti ya mwanafunzi huyo isahihishwe na mwalimu mwingine. Hilo halikuingia kwenye wasifu. Liko kwenye barua, mahali pake.

Basi ipi?

Kwa orodha ya walimu, ukurasa wa idara, au kutambulishwa kwenye kongamano, chagua ya tatu, mradi mshono uwe wa kweli. Jaribio ni lile swali la kitu kinachoshikika. Kaka mmoja mhasibu wa benki, anayefundisha hisabati ya mwaka wa kwanza, aliposoma nakala hizi alitaka mshono naye. Tuliutafuta tukaukosa. Kazi yake benki ni kusimamia watu; darasani ni kalkulasi. Tungeulazimisha, ungefumuka mbele ya mwanafunzi wa kwanza mwenye swali. Yeye tulimwandikia nakala ya kwanza iliyopunguzwa: kazi mbili zikitajwa wazi kila moja na mwaka wake, saa za kupatikana, bila "pia" wala "licha". Haisisimui, lakini haijitetei.

Kwa zabuni na kwa mwajiri, ya nne, pamoja na sentensi yake ya nani anashika nafasi. Ya pili iachie fomu za kuhesabu alama.

Ya kwanza kama ilivyo sijaipatia mahali, ingawa najua ndiyo itakayoendelea kuandikwa.

Mkuu wa idara alirudisha nakala ya tatu na rekebisho moja: muhula ujao kipindi kinahamia Alhamisi jioni, je, wasifu utaandikwa upya? Dada alinitumia ujumbe huo akiwa saiti. Nikaanza kufikiria namna ya kuokoa ile sentensi ya Jumamosi, kabla sijamaliza akaongeza mstari wa pili: "Badilisha siku tu, kaka. Alhamisi nayo ina 7 na 28."